Hao Watoto 12 ni Akina Nani?

Barua niliikuta imesukumwa chini ya mlango wa ofisi, imekunjwa mara mbili. Ndani mlikuwa na karatasi tatu zilizoandikwa kwa mkono: moja barua yenyewe, mbili muhtasari. Mwandishi wake alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uuguzi, katika darasa ninalofundisha elimu ya urithi. Wiki hiyo nilikuwa nimemaliza mihadhara mitatu kuhusu selimundu, ugonjwa wa damu ambao Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa nao duniani.

Kwetu chuoni slaidi na notsi hutolewa kwa Kiingereza. Jioni wanafunzi wakikaa kwenye vikundi vyao huzijadili kwa Kiswahili, na hapo ndipo desa huzaliwa. Kwa asiyelijua neno hili la vyuoni, desa ni ule muhtasari unaoandikwa na mmoja, ukatolewa nakala na wengi, na mara nyingi ukasomwa badala ya notsi zenyewe mtihani unapokaribia. Desa likiwa na kosa, kosa hilo husomwa na kikundi kizima, kisha na darasa la mwaka unaofuata. Kwa wauguzi hatimaye linafika kliniki na kusemwa mbele ya mama mwenye mtoto mgongoni.

Nimemwomba mwenye barua ruhusa ya kuichapa hapa, naye ameniruhusu nikiacha jina lake. Ilisomeka hivi:

*YAH: OMBI LA KUHAKIKIWA MUHTASARI WA MIHADHARA YA SELIMUNDU*

*Mwalimu, shikamoo. Kichwa cha habari hapo juu chahusika.*

*Nimefupisha notsi za mhadhara wa 4, wa 5 na wa 6, jumla slaidi 61, kuwa kurasa mbili za Kiswahili kwa ajili ya kikundi chetu cha watu saba. Kabla sijawapa wenzangu, naomba unihakikie sentensi nne ambazo nimezipigia mstari. Sentensi nyingine nimezilinganisha na slaidi mwenyewe moja moja na sina wasiwasi nazo, ila ukiona kosa nitashukuru.*

*Ya kwanza. Nimeandika: "Mtu aliyerithi kinasaba cha selimundu kwa mzazi mmoja hapati malaria." Slaidi ya 31 inasema ana kinga dhidi ya malaria kali. Nilidhani ni kitu kimoja. Lakini slaidi ya 34 ina jedwali la watoto wa Uganda, na humo watoto 12 kati ya 43 wenye kinasaba hicho walikuwa na vimelea vya malaria kwenye damu. Kama hawapati malaria, hao watoto 12 ni akina nani?*

*Ya pili. Nimeandika: "Wazazi wawili wabebaji wakizaa watoto wanne, mmoja atakuwa mgonjwa." Slaidi ya 22 inasema asilimia 25, nami nimegawanya. Mwenzangu mmoja amebisha, anasema kwa shangazi yake wagonjwa ni wawili kati ya watatu.*

*Ya tatu. Nimeandika kwamba badiliko liko nafasi ya 6, kama ilivyo slaidi ya 12. Kitabu nilichoazima maktaba kinasema nafasi ya 7. Sijui nifuate kipi.*

*Ya nne. Nimeandika: "Mtoto huzaliwa mzima, ugonjwa humpata akifika miezi sita." Hii sikuitoa kwenye slaidi, niliiandika kama nilivyokusikia darasani.*

*Tunajadili Jumamosi. Kama muda ni mdogo, naomba unijibu ile ya kwanza tu, hizo nyingine zinaweza kusubiri.*

*Wako mtiifu.*

Nimefundisha miaka mingi, na maombi ya namna hii nimeyapokea mengi. Kwa kawaida huja kurasa kumi au kumi na tano, na juu yake mstari mmoja: naomba uangalie kama niko sahihi. Ombi hilo lina adabu yake, lakini halijibiki. Ili nilijibu kwa haki inanilazimu nifungue slaidi zangu upande mmoja, muhtasari upande wa pili, nipite sentensi kwa sentensi bila kujua mwanafunzi alikwama wapi. Kazi hiyo ni ya nusu siku. Nakiri kwamba zaidi ya mara moja nimepitisha macho haraka, nikaandika "iko vizuri", nikarudisha. Najuta kila nikikumbuka, kwa sababu neno langu lilitia muhuri hata yale ambayo sikuyasoma, na mwanafunzi akaondoka akiamini yamehakikiwa yote.

Barua hii ilinichukua chini ya saa moja, na ndani ya saa hiyo nilifanya kazi ya maana. Sababu iko kwenye jinsi alivyoipanga. Kila mahali kuna sentensi yake kama alivyoiandika, kisha mahali ilipotoka, kisha kile kinachomtia shaka. Hivyo vitatu vikikaa pamoja, mhakiki anaona papo hapo maneno yalibadilika wapi yalipokuwa yanasafiri kutoka slaidi kwenda kwenye desa.

Kuna jambo jingine ambalo barua ilinilazimisha kulitenganisha, ingawa mwandishi hakulitaja. Kuhakiki muhtasari ni kujibu maswali mawili. La kwanza ni kama muhtasari unasema kile notsi zinachosema. La pili ni kama notsi zenyewe zinasema kweli. Wengi tunajibu la kwanza na kudhani tumejibu yote mawili. Katika sentensi zake nne, makosa mawili yalikuwa ya mfupishaji. Lile la kinywa sikuweza kumlaumu yeye peke yake, na katika ile ya tatu upungufu ulikuwa wangu mtupu.

Nianze na hao watoto 12, maana ndio walionikalisha kitini.

Hemoglobini ni ile protini inayobeba hewa ndani ya chembe nyekundu za damu. Maagizo ya kuitengeneza tunayarithi nakala mbili, moja kwa baba, moja kwa mama. Aliyerithi nakala mbili zenye badiliko la selimundu ana ugonjwa wenyewe: chembe zake hujikunja kama mundu, huziba mishipa midogo, huvunjika mapema. Aliyerithi nakala moja tu ni mbebaji. Kwa kawaida anaishi bila dalili, na wengi hawajijui. Huyu mbebaji ndiye mwenye kinga.

Jedwali la slaidi ya 34 linatoka kwenye kazi ya Anthony Allison, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya. Mwaka 1949 alisafiri Kenya akipima damu za watu, akaona jambo ambalo halikumtoka kichwani: wabebaji walikuwa wengi sana pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na karibu hawapo kabisa nyanda za juu zenye baridi. Ramani ya wabebaji ilikuwa inalalia juu ya ramani ya malaria. Akaenda kuwapima watoto wadogo 290 wa Buganda, na matokeo yake yakachapishwa 1954. Watoto 43 walikuwa wabebaji, na kati yao 12 walikutwa na vimelea vya malaria, yaani kama asilimia 28. Waliobaki, 247, hawakuwa wabebaji, na kati yao 113 walikuwa na vimelea, kama asilimia 46.

Sasa rudi kwenye sentensi ya mwanafunzi: "hapati malaria." Kama ingekuwa kweli, pale penye 12 pangesomeka sifuri. Hakuhitaji mwalimu kulijua hilo, na kwa kweli alilijua. Kurasa tatu mbele ya slaidi aliyoifupisha palikuwa na tarakimu inayoikana sentensi yake, naye aliiona. Hiyo ndiyo njia bora ninayoifahamu ya kujihakiki kabla ya kumwandikia mtu mwingine: shika sentensi uliyoifupisha, itafutie ndani ya notsi hizo hizo mfano ambao haungewezekana kama sentensi hiyo ni kweli. Anayesoma tena slaidi ileile aliyoifupisha hataona kitu, kwa sababu anasoma akiwa tayari na sentensi yake kichwani.

Kilichopotea njiani ni neno moja, "kali". Nalo halikupotea kwa uzembe. Katika Kiswahili cha kila siku mtu akisema jana nilikuwa na malaria kali, anamaanisha homa ilimtesa. Neno ni la kutilia nguvu, na mfupishaji hodari huondoa maneno ya kutilia nguvu kwanza. Wodini mambo ni mengine. Malaria kali ni hali yenye mipaka yake: mtoto anadegedeka au amepoteza fahamu, au damu yake imeshuka kupita kiasi, au anapumua kwa shida. Ni hali inayoua. Kwa hiyo slaidi ilizungumzia kitu kimoja mahususi, na desa likazungumzia malaria yote.

Hapo nilipaswa kumjibu kwamba ameacha neno "kali", alirudishe, basi. Lakini nilipoanza kuandika jibu niliona kuwa hata slaidi zangu zilimwacha njia panda. Slaidi ya 31 ilisema kinga ni dhidi ya malaria kali. Slaidi ya 34 iliyokusudiwa kuithibitisha ilihesabu watoto wenye vimelea kwenye damu, na kuwa na vimelea si sawa na kuumwa, sembuse kuumwa sana. Katika maeneo yenye malaria nyingi watoto wengi hubeba vimelea huku wanacheza. Ushahidi niliouweka haukuwa wa dai nililolitoa.

Ushahidi wa dai lenyewe upo, na uko jirani. Watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, waliwafuatilia watoto kwa muda mrefu na kuchapisha matokeo mwaka 2005. Waliona kwamba kwa mbebaji malaria ya kawaida yenye dalili ilipungua kwa kama nusu, malaria ya kulazwa hospitali ilipungua kwa robo tatu, na malaria kali ilipungua kwa karibu asilimia 90. Katika kubeba vimelea bila dalili yoyote hawakuona tofauti. Kinga ya mbebaji, kwa hiyo, inazidi kuwa na nguvu kadiri ugonjwa unavyozidi kuwa mbaya.

Hata hiyo asilimia 90 ikifupishwa vibaya huzaa kosa jipya. Haina maana kwamba wabebaji tisa kati ya kumi hawapati malaria kali, kwani hata kwa watoto wasio wabebaji walio wengi hawafikii hali hiyo. Maana yake ni ya kulinganisha: chukua kundi la watoto wasio wabebaji ambamo kumi walipata malaria kali, kisha chukua kundi lenye idadi ileile la wabebaji wanaoishi mazingira yaleyale, humo utamkuta kama mmoja.

Sentensi niliyomwandikia badala ya yake ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza, na sikuona njia ya kuifupisha zaidi: "Mbebaji anaweza kuambukizwa malaria na anaweza kuumwa, lakini uwezekano wa kupata malaria kali kwake ni mdogo sana, kama moja ya kumi ya asiye mbebaji." Maneno yake kumi yalikuwa yamekuwa zaidi ya ishirini. Kuna mambo yasiyofupishika zaidi ya kiasi fulani, na hili ni mojawapo.

Sentensi ya pili ina kosa ninalolikuta kila mwaka, na ndilo ninaloliogopa kuliko yote kwa sababu ya yanayotokea kliniki. Slaidi ilisema asilimia 25 kwa kila mimba. Desa likasema mmoja kati ya wanne. Kwa sikio ni kitu kimoja, maana robo ni robo. Tofauti iko kwenye "kila mimba", maneno mawili ambayo nayo yaliachwa.

Nilimchorea hivi. Fikiria baba ana sarafu na mama ana sarafu. Upande mmoja wa kila sarafu ni nakala nzima, upande wa pili ni nakala ya selimundu. Kila mimba inapotungwa, sarafu zote mbili zinarushwa. Mtoto anapata ugonjwa pale tu sarafu zote mbili zinapolala upande wa selimundu, na hilo hutokea mara moja katika mara nne. Mimba inayofuata sarafu zinarushwa upya. Hazina kumbukumbu ya kilichotokea kwa mtoto wa kwanza.

Sasa chukua familia 256, zote wazazi wawili ni wabebaji, kila moja ina watoto wanne. Nimechagua 256 kwa sababu hesabu inatoka kamili bila desimali. Ukifuata kanuni ya sarafu, familia ambazo hazina mgonjwa hata mmoja zitakuwa karibu 81. Zenye mgonjwa mmoja, 108. Wagonjwa wawili, 54. Watatu, 12. Na familia moja itakuwa na watoto wote wanne wagonjwa. Hesabu halisi zitacheza kidogo huku na huku kama sarafu zinavyocheza, lakini umbo litabaki hilo. Desa lilisema kila familia iko kwenye lile kundi la 108. Ukweli ni kwamba familia 148, zaidi ya nusu, haziko huko.

Na shangazi wa yule aliyebisha? Kwa familia za watoto watatu, zenye wagonjwa wawili ni kama 9 katika kila 64. Si nyingi, wala si ajabu. Alikuwa na haki ya kubisha, kwani sentensi iliyosema "mmoja atakuwa mgonjwa" inaangushwa na familia moja tu isiyo hivyo. Ile ya slaidi haiangushwi na familia moja.

Nimesema naliogopa kosa hili. Mama aliyeambiwa "mmoja kati ya wanne", akiwa ameshapata mtoto mwenye selimundu, huondoka akiamini fungu lake limekwisha na watatu watakaofuata watakuwa salama. Nimewasikia akina mama wakisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyefarijika. Aliyewapa faraja hiyo hakuwadanganya kwa kukusudia. Alisoma desa.

Ile ya nafasi ya 6 au ya 7 nilidhani nitaimaliza kwa mstari mmoja, kwamba fuata slaidi. Kisha nikaona kuwa jibu hilo lingemfanya aamini kitabu kimekosea, nacho hakijakosea. Protini ni mnyororo wa viungo vinavyoitwa asidi amino. Katika selimundu kiungo kimoja cha mnyororo wa beta, asidi ya glutamiki, kimekaliwa na kingine kiitwacho valini. Waliokitafuta kiungo hicho miaka ya 1950 walikuwa wanasoma protini iliyokwisha kukamilika, wakahesabu tangu mwanzo wake, wakafika 6. Lakini seli inapoanza kuusuka mnyororo huo hutanguliza kiungo kiitwacho methionini, ambacho baadaye hukatwa na kutupwa. Wanaohesabu kwa kufuata maagizo ya kinasaba, kama utaratibu wa sasa wa kuandika mabadiliko ya vinasaba unavyotaka, huhesabu na hicho kilichotupwa, wakafika 7. Kiungo ni kilekile, ila mmoja ameanza kuhesabu hatua moja nyuma.

Hapo mwanafunzi alikuwa ameifupisha slaidi kwa uaminifu kamili. Aliyefupisha vibaya ni mimi. Nilipoandika "nafasi ya 6" bila kusema nahesabu kuanzia wapi, nilifanya kosa lilelile alilolifanya yeye kwa "kali" na kwa "kila mimba". Niliacha sharti linaloifanya sentensi iwe kweli. Slaidi hiyo nimeitumia kwa miaka kadhaa na hakuna aliyeniuliza, na siamini kwamba hakuna aliyewahi kufungua kitabu kingine. Nadhani waliona, wakanyamaza. Darasani kwetu kumwambia mwalimu kitabu kinasema vingine ni jambo gumu. Yeye alipata njia: hakusema mwalimu umekosea, aliweka vyanzo viwili kando kwa kando na kusema hajui afuate kipi. Heshima ilibaki mahali pake na swali pia.

Ya nne ilikuwa ya kinywa. Slaidi ya 27 ina mchoro tu, mistari miwili inayopishana, na maelezo niliyatoa kwa kusimama ubaoni. Siwezi kuapa kwamba sikusema mtoto anakuwa mzima hadi miezi sita. Inawezekana kabisa nilisema. Jambo lenyewe ni kwamba mtoto akiwa tumboni hutumia hemoglobini ya aina nyingine, ya utotoni, ambayo haina ule mnyororo wa beta wenye hitilafu. Anapozaliwa bado sehemu kubwa ya hemoglobini yake ni hiyo. Miezi inavyokwenda ile ya utotoni hupungua, ya ukubwani huchukua nafasi, na kadiri hitilafu inavyopata uwanja ndivyo dalili zinavyojitokeza, mara nyingi kuanzia karibu miezi sita: vidole kuvimba, maumivu, upungufu wa damu. Mistari miwili ya mchoro ndiyo hiyo, mmoja unashuka na mwingine unapanda.

Kwa hiyo ugonjwa haumpati mtoto akiwa na miezi sita. Alikuwa nao tangu mimba ilipotungwa, kilichochelewa ni dalili. Kwa muuguzi tofauti hii ni ya kazi. Anayeamini ugonjwa huanza miezi sita hataona sababu ya kumpima mtoto wa siku tatu. Anayejua kuwa upo tangu mwanzo atampima mapema, na atajua pia kwamba kipimo rahisi cha kuangalia kama chembe zinajikunja kinaweza kumkosa mtoto mchanga, kwa kuwa hemoglobini ya utotoni inamkinga mbele ya kipimo kama inavyomkinga mbele ya ugonjwa. Kinachofaa kwake ni kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini na kuonyesha kila moja.

Katika barua hii nisichompendekezea mtu kukiiga ni kimoja tu. Sentensi ya nne alipaswa kuitia alama tangu alipoiandika kwenye desa, kwamba imesikika na haikusomwa. Katika barua alikuwa mkweli na kulisema, lakini kwenye muhtasari wenyewe sentensi ilikaa sawa na nyingine, na msomaji wa Jumamosi asingejua. Nilimwambia aandike herufi ndogo pembeni, "m" kwa kilichosikika mhadharani na namba ya slaidi kwa kilichosomwa. Ni mazoea ya sekunde mbili, na mwezi mmoja baadaye ndiyo yanayokwambia wapi pa kuangalia.

Sikuhakiki sentensi zake nyingine zote, na nilimwandikia hivyo waziwazi. Nilichagua mbili ambazo hakuzipigia mstari, nikazilinganisha na slaidi, nikazikuta sawa. Nikamwandikia: nimehakiki sentensi sita, hizo nyingine sijazisoma kwa makini. Nilitaka ajue neno langu linafunika wapi na linaishia wapi.

Ijumaa alichukua majibu. Jumatatu nilikuta karatasi nyingine chini ya mlango, safari hii nusu ukurasa. Kikundi kilikuwa kimekaa juu ya sentensi mpya ya kwanza kwa muda mrefu, na kikagawanyika. Wanne walisema kama nakala moja ya selimundu inakinga malaria kali, basi nakala mbili zinakinga zaidi, na kwa hiyo mtoto mgonjwa wa selimundu hana haja kubwa ya chandarua. Watatu walikataa bila kuwa na sababu ya kutoa. Aliandika: *Mwalimu, nimepitia slaidi zote 61 na hakuna inayosema. Naomba utusaidie, kwa sababu sentensi yetu haimkatazi mtu kufikiri hivyo.*

Alikuwa sahihi, hakuna slaidi iliyosema. Nilimjibu siku hiyohiyo. Kinga niliyoieleza ni ya mbebaji. Mtoto mwenye nakala mbili anaishi na damu pungufu kila siku, kwa sababu chembe zake huvunjika mapema. Malaria nayo huvunja chembe nyekundu. Ikimwingia mtoto huyo inakuta akiba ndogo, na damu inaweza kushuka kwa kasi hadi kumuua. Ndiyo maana kliniki za selimundu katika maeneo yenye malaria huwapa watoto hawa dawa za kuwakinga, na kusisitiza chandarua kila usiku.

Desa lao toleo la pili lina kurasa mbili na robo. Robo hiyo inaanza na sentensi aliyoitunga mwenyewe, nami sikubadilisha neno: "Haya yote ya kinga yanamhusu mbebaji peke yake, mgonjwa wa selimundu ni wa kwanza kuwekewa chandarua." Pembeni, badala ya namba ya slaidi, ameandika tarehe ya barua yangu.